Mama Waya na Dakika Sita za Shukrani

Daktari alipofungua karatasi ya siri na kusoma kundi lipi ni lipi, Mama Waya alidhani amesikia vibaya. Akamwomba arudie. Daktari akarudia, polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa majibu ya damu: waliopewa karatasi ya mambo ya kufanya kesho walisinzia baada ya wastani wa dakika kumi na saba. Waliopewa karatasi ya shukrani, dakika ishirini na moja.

"Umegeuza," alisema Mama Waya.

"Sijageuza, dada. Nimesoma mara mbili."

Mama Waya akakaa, ingawa hakuwa amekaribishwa kiti.

Ili ujue kwa nini mama mtu mzima apigwe na butwaa kwa ajili ya dakika nne, inabidi umjue kidogo. Alikuwa fundi wa maabara ya usingizi, vyumba viwili vya kulala na kimoja cha mitambo, kwenye ghorofa ya mwisho ya hospitali. Kazi yake ilikuwa kubandika waya: kichwani, pembeni mwa macho, kidevuni, nyuma ya masikio. Anapima kichwa kwa utepe, anaweka alama kwa penseli ya nta, anasugua ngozi, anapaka gundi nzito nyeupe, anabandika. Kisha anakaa chumba cha pili mbele ya skrini na kuangalia mtu akilala. Amefanya hivyo miaka kumi na tisa. Wagonjwa ndio waliompa jina la Mama Waya, na yeye alilipenda kuliko jina alilopewa na babake.

Tena alikuwa mtu wa shukrani. Simaanishi ile ya kusema asante ukipewa maji. Miaka sita iliyopita, usingizi ulipomkimbia yeye mwenyewe, jambo la aibu kwa mtu wa kazi yake, alianza kuandika kila usiku mambo matatu anayoshukuru. Akatulia moyo. Basi, mtu akipata dawa hunyamaza? Aliwapa daftari wauguzi, akawapa wafagizi, akampa mlinzi wa geti ambaye kazi yake ni kutolala. Alikuwa ameshajaza madaftari kumi na moja, na aliyapanga kabatini kwa tarehe.

Kwa hiyo Daktari alipoamua kupima jambo hilo, Mama Waya alifurahi kama aliyetangaziwa harusi ya mwanawe. Mpango ulikuwa mwepesi. Watu hamsini na sita wasio na ugonjwa, kila mmoja usiku mmoja, wawili kila usiku. Kabla ya kulala, kila mtu anapewa bahasha iliyofungwa. Ndani kuna karatasi: nusu yao zinasema andika mambo unayoshukuru, nusu zinasema andika kila unalopaswa kufanya kesho na siku zinazofuata. Dakika tano kwa saa ya kengele. Mtu anairudisha karatasi ndani ya bahasha, anaifunga mwenyewe kwa gundi, Mama Waya anaipokea bila kujua kilichomo. Kisha taa inazimwa kutoka chumba cha mitambo, yeye anabonyeza kitufe cha alama kwenye mtambo, na hesabu inaanza hapo: kutoka alama ya taa hadi nusu dakika ya kwanza ambayo mawimbi ya ubongo yanaonyesha mtu ameshalala.

Hakujua nani ana karatasi gani. Hilo ndilo lililokuwa fahari ya utafiti wenyewe. Miezi mitatu, usiku ishirini na nane, na yeye peke yake ndiye aliyezima taa zote.

"Dakika nne ni kidogo," Daktari alisema, akimwonea huruma. "Zinaweza kuwa bahati tu. Pengine nitaandika kwamba hatukuona tofauti ya kutegemewa."

Mtu mwingine angeshika hapo hapo na kwenda zake. Mama Waya hakuwa mtu mwingine. Alisema kuna kosa mahali, na kosa hilo atalitafuta.

"Tafuta," alisema Daktari. "Lakini mawimbi huwezi kuyasoma tena wewe. Umeshajua nani ni nani. Mpe mwenzako asiyejua. Nakungoja hadi Ijumaa."

Mwenzake huyo walimwita Bwana Rula, kwa sababu alianza kazi enzi za karatasi ndefu, alipokuwa akipima mawimbi kwa rula, na hadi leo huweka rula juu ya skrini ya kompyuta kana kwamba skrini itampunja. Alisoma rekodi zote hamsini na sita kwa siku mbili. Jumatano jioni akaja na jedwali lake.

"Tumetofautiana mahali pachache mno," alisema. "Nusu dakika hapa, dakika moja pale. Yale mawimbi ya mtu aliyefumba macho akiwa bado hajalala yanapotea, ya polepole yanaingia, macho yanaanza kuzunguka taratibu. Umesoma vizuri. Kama kuna kosa, haliko kwenye kulala kwao."

"Liko wapi sasa?"

"Safari ina vituo viwili, mama. Kama mwisho ni sawa, angalia mwanzo."

Aliyasema hayo huku akifunga rula yake kwenye mfuko, bila nia yoyote. Lakini Mama Waya alirudi kwenye chumba cha mitambo, akafunga mlango, na kufungua picha za kamera.

Kila chumba kina kamera inayoona gizani. Taa ikiwaka picha huwa na rangi. Taa ikizimwa, picha inageuka kijivu papo hapo, na saa inasomeka pembeni. Hakuna mahali pa kubishana. Alianza na mtu wa kumi na tano, mwalimu mmoja wa kike aliyemkumbuka vizuri. Picha iligeuka kijivu saa nne na dakika thelathini na moja. Alama ya taa kwenye mtambo, ile aliyoibonyeza kwa kidole chake, ilisema saa nne na dakika thelathini na nane.

Dakika saba. Alitazama tena. Akapapasa miwani, ilikuwa usoni.

Akafungua mwingine. Taa na alama, sekunde tatu. Huyu alikuwa wa orodha ya kesho. Akafungua wa shukrani: dakika tano. Wa shukrani tena: dakika sita. Wa orodha: sekunde nne. Alifungua hadi wa mwisho, akiandika kwenye karatasi. Kati ya watu ishirini na wanane wa shukrani, ishirini na wawili walikuwa wamecheleweshewa alama, wastani wa dakika sita kila mmoja. Kwa watu wa orodha, watatu tu.

Alikuja kutafuta mwizi, akakuta viatu mlangoni ni vyake.

Maana yake aliielewa bila kikokotoo. Kila dakika aliyochelewa kubonyeza ilikuwa dakika ambayo mtu alikuwa gizani, macho, na haikuhesabiwa. Aliwapa watu wa shukrani usingizi wa haraka ambao hawakuulala. Ukiwarudishia dakika zao, wastani wao hauwi ishirini na moja tena, unakaribia ishirini na sita. Na pengo si nne. Ni karibu tisa.

Lakini alijuaje? Bahasha zilifungwa. Hakuchungulia hata moja, hilo angeliapia. Alikaa na swali hilo hadi kiti kikamuuma, halafu akamkumbuka yule mwalimu. Alipomrudishia bahasha alikuwa anafuta machozi kwa kiganja, akamwambia, "Asante sana, mama." Mama Waya alizima taa, akatazama skrini, akamwona anajigeuza, akajisemea, maskini, mwache atulie kwanza. Ndivyo anavyofanya kwa wagonjwa wa kawaida. Anawaacha wajifunike, watafute ubavu, ndipo abonyeze. Lakini watu wa orodha walimpa bahasha uso mkavu na kuuliza, mtaniamsha saa ngapi? Hao aliwazimia taa na kubonyeza papo hapo, kama mtu anayefunga duka.

Miezi mitatu alikuwa akisoma nyuso. Kichwa hakikujua, mkono ulijua. Alishtuka mpaka akasikia ubaridi nyuma ya masikio, pale pale anapobandikia watu waya.

Na hakuna aliyejua. Hilo ndilo lililomfuata kwenye ngazi, barabarani, hadi mlangoni kwake. Bwana Rula alikuwa ameshapitisha kazi yake. Daktari alikuwa tayari kuandika kwamba hakuna tofauti. Akinyamaza, daftari la shukrani linabaki na heshima yake, na yeye anabaki na miaka kumi na tisa isiyo na doa. Akisema, anajichoma mwenyewe na dawa yake kwa kiberiti kimoja.

Mumewe alikuwa fundi bomba, na yeye pia wote walimwita kwa kazi yake, mkewe akiwa wa kwanza. Kila usiku Fundi hukaa ukingoni mwa kitanda, anachomoa penseli nyuma ya sikio, anaandika nyuma ya risiti yoyote iliyomo mfukoni: saa mbili, valvu ya ghorofa ya tatu. Utepe wa kuziba bomba, mbili. Kumpigia mama mwenye tangi. Anaiweka risiti ndani ya kiatu, ili asubuhi aikanyage kwanza. Kisha analala. Analala hivi hivi, kabla mkewe hajamaliza jambo la pili la kushukuru. Miaka sita Mama Waya alimcheka. Alimwambia anaingia kitandani na mabomba, hana hata neno la asante kwa siku aliyopewa. Alisema usingizi wake ni uchovu tu, hata punda hulala.

Usiku ule Fundi aliandika risiti yake na kulala. Mama Waya akafungua daftari la kumi na mbili. Akaandika: *Nashukuru kwa kazi yangu.* Akaiangalia sentensi ile kwa muda mrefu. Haikuwa uongo, lakini ilimkodolea macho. Akaandika: *Nashukuru kwa Daktari anayeniamini.* Hapo akafunga daftari na kuzima taa.

Akalala chali. Akalala ubavu. Kila alipofumba macho aliona picha inageuka kijivu na saa inakwenda bila alama. Atamwambia. Atamwambia vipi? Atasema Ijumaa. Ijumaa mbali. Labda amwandikie. Labda Bwana Rula aseme. Mambo yale yale yalizunguka yakirudi, kila moja likidai asilisahau.

"Unageuka kama samaki kwenye kikaango," Fundi alisema gizani. "Una nini?"

Alimwambia. Yote, bila kujipaka mafuta. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa sawa," Fundi alisema.

"Usinianze."

"Sikuanzi. Nauliza tu, nijue." Akawasha taa, akampa penseli na risiti. "Andika cha kufanya."

"Najua cha kufanya."

"Unajua, ndiyo maana hulali. Kichwa kinakushikia, kinaogopa ukikiacha utasahau. Andika ili kikuachie. Tena usiandike *kurekebisha mambo ya kazini*. Hiyo si kazi, hiyo ni wasiwasi umevaa suti. Mimi siandiki *kutengeneza bomba*. Naandika bomba gani, nyumba ya nani, saa ngapi."

Mama Waya alikuwa amelisikia hilo siku mbili tu nyuma, kwa maneno ya kisomi zaidi. Daktari alikuwa amemwambia kwamba ndani ya kundi la orodha, walioandika kwa urefu na kwa kina ndio waliosinzia mapema kuliko walioandika juu juu. Kulisikia tena kitandani, kutoka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimcheka miaka sita, kulimwacha mdomo wazi. Akachukua penseli.

Aliandika: *Moja, saa mbili na robo, kumngoja Daktari mlangoni kabla hajavua koti. Mbili, kumwonyesha mtu wa kumi na tano, picha na alama. Tatu, kumpa karatasi ya dakika za wote hamsini na sita. Nne, kumwambia ni mimi, si mtambo. Tano, kumwomba watu wawili wasiojua makundi wasome saa za taa upya kutoka kwenye kamera. Sita, kumwambia Bwana Rula mwenyewe, asisikie kwa watu. Saba, kununua dawa ya meno.*

Ya saba ilikuja yenyewe. Alikumbuka ameiandika, na baada ya hapo hakukumbuka kitu.

Aliamka jua liko dirishani, penseli imelala kifuani. Fundi ameshaondoka. Alikaa kitandani akijaribu kukasirika, akashindwa. Usiku mmoja si ushahidi, hilo alilijua kuliko mtu yeyote mtaani kwao. Alishtuka hivyo hivyo.

Saa mbili na robo alikuwa mlangoni. Daktari alisikiliza akiwa amevaa koti, mkoba begani. Alitazama picha ya mtu wa kumi na tano ikigeuka kijivu. Akatazama alama. Akaivua miwani yake na kuiweka mezani kwa uangalifu, na Mama Waya akajua kwamba ni bure kutarajia neno rahisi.

"Ungenyamaza, nisingejua," alisema Daktari.

"Najua."

"Ningeandika kwamba hakuna tofauti. Wengine wangesoma, wangeamini." Akaweka mkoba chini. "Itabidi niandike kosa lenyewe, na jinsi lilivyopatikana. Saa za taa zitasomwa upya na watu wa nje. Na wewe, dada, hutazima taa tena kwenye utafiti wowote hapa. Wagonjwa utabaki nao. Utafiti, hapana."

"Hiyo ni haki," alisema Mama Waya. Alikuwa ameifanyia mazoezi sentensi hiyo, lakini ilimtoka nyembamba.

"Na madaftari yako usiyachome," Daktari aliongeza baadaye, akiwa ameshaketi. "Hatukupima kama shukrani zinamtuliza mtu kwa mwezi au kwa mwaka. Huenda zinamtuliza. Tulipima usiku mmoja, na dakika za kusinzia. Kwa hilo tu, orodha imetangulia."

Bwana Rula alipoambiwa alitoa rula yake, akaitazama, akairudisha. "Mimi niliangalia kituo kimoja tu," alisema, na hiyo ikawa pole yake.

Mama Waya alisimama kwenye korido, karibu na dirisha, akatoa risiti mfukoni ili akate mistari. Moja, akakata. Mbili, tatu, nne, tano, sita. Dawa ya meno bado. Chini ya dawa ya meno kulikuwa na mstari mwingine, kwa herufi kubwa za penseli butu, herufi za mtu anayeandika juu ya goti:

*NANE, KURUDI NYUMBANI. HATA WAKIKUFUKUZA.*

Aliusoma akiwa amesimama, kisha akausoma akiwa ameegemea ukuta. Madaftari kumi na moja, kila usiku mambo matatu. Alishukuru kwa mvua, kwa balbu mpya, kwa mgonjwa aliyepona kukoroma, kwa jirani aliyepunguza redio. Akajaribu kukumbuka ni ukurasa gani alioandika jina la mumewe, mtu anayelala upande wa ukutani. Akapitia mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, pale pale koridoni, watu wakimpita na vitanda vya magurudumu. Hakuupata.

Alinunua dawa ya meno njiani. Alipofika, Fundi alikuwa amerudi kula mchana, viatu vimevuliwa mlangoni, na ndani ya kiatu cha kulia kulikuwa na risiti ya siku ile, imekanyagwa. Mama Waya aliinama akaichukua, akaomba penseli, aandike jina ambalo madaftari kumi na moja hayakuwa nalo.